Bibi anasema mimi ndo nakula vocha yake

*Habari za kazi. Naomba ushauri, hili jambo linaniumiza. Nilimpa bibi yangu simu ya tachi ili tuwe tunaonana kwa video, maana nakaa mbali naye. Zamani alikuwa na kitochi, akiweka vocha inakaa hata wiki mbili. Sasa akiweka vocha usiku, asubuhi hamna kitu na hajampigia mtu yoyote. Siku nyingine vocha ipo kabisa ila akinipigia WhatsApp haiendi. Kila nikimwambia bibi hii simu inataka salio na inataka data, anasema namzungusha. Juzi kamwambia mama kwamba mimi ndo nahamisha vocha yake nikiwa huku huku. Nimwelezeje mpaka anielewe? – Mjukuu*

Pole sana mjukuu mwenzangu. Ila kuna kitu kimoja bibi yako yuko sahihi kabisa nacho, vocha ilikuwepo na imeondoka bila yeye kumpigia mtu, hilo hajalitunga. Alichokosea ni aliyeichukua tu. Kwa hiyo ukianza na "bibi hujaelewa" umeshampoteza, anza kwa kumwambia bibi ni kweli vocha yako imeliwa, na imeliwa na simu yenyewe, ngoja nikuonyeshe ilivyoliwa. Hapo atakaa akusikilize.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinikuta mimi na bibi yangu mzaa mama. Nilifika kwake jioni moja, shikamoo yangu hata haijaitikiwa vizuri akanisukumia simu mkononi, akasema, "Chukua simu yako, hii inaiba." Nikakaa chini nikamwelezea kama unavyomwelezea wewe: bibi, salio ni la kupiga, data ni ya intaneti. Akaniangalia, akauliza, "Na nikikupigia kwa ile ya kuonana sura, hapo sijapiga?"

Hilo swali lilininyamazisha, na nataka wewe ulifikirie kabla hujarudi kwake. Sisi tunatumia neno moja, kupiga, kwa vitu viwili ambavyo kwa mtandao ni vitu tofauti kabisa. Ukipiga simu ya kawaida unampigia mtu kwa namba yake kupitia njia ya sauti ya mtandao, na unalipa kwa dakika au sekunde. Ukipiga WhatsApp, sauti yako inakatwakatwa vipande vidogo vidogo inasafirishwa kwenye intaneti kama inavyosafirishwa picha au meseji, mtandao hauhesabu dakika pale, unahesabu uzito wa kilichopita, ndo hizo megabaiti. Alafu kwenye simu ya bibi yangu alama ya simu ya kawaida ilikuwa ya kijani yenye mkono wa simu, na ya WhatsApp nayo ya kijani yenye mkono wa simu ndani ya kiduara, zimekaa jirani. Kwa macho ya mtu wa umri ule hiyo ni alama moja imejirudia. Alikuwa anagusa ile iliyo karibu na kidole, siku inakubali siku inakataa, na yeye anaona simu ina kichaa.

Bibi ni fundi cherehani, ana kopo lake la vifungo la miaka mingi. Nikaliomba nikalimwaga mezani. Nikachambua vifungo vyeupe 20 nikaviweka upande wake wa kulia, nikamwambia bibi hivi ndo vocha uliyoweka, yani hii ni pesa yako taslimu iko ndani ya simu, hilo ndo salio. Hela haijanunua kitu bado, imekaa tu. Upande wa kushoto nikaacha meza tupu, nikamwambia hapa ndo pa data, na sasa hivi hamna kitu.

Nikamwambia nipigie simu ya kawaida. Akapiga, nikapokea, tukaongea kidogo akakata. Nikatoa kifungo cheupe kimoja nikakirudisha kwenye kopo. Akaitikia kwa kichwa, hilo alikuwa analijua tangu enzi za kitochi.

"Sasa tununue bando," nikamwambia. Nikachukua vyeupe 5 nikavitia kwenye kopo, alafu kutoka kwenye kopo nikatoa vyeusi 50 nikavipanga kushoto. Kila cheusi nikamwambia ni megabaiti 10, kwa hiyo pale ana megabaiti 500. (Bei usiishike, kila mtandao na bando lake, mimi nilitaka aone mwendo wa vifungo tu.) Hapa ndo aliponiuliza swali la pili zuri: "Kwa hiyo nikiweka vocha, vyeusi haviji vyenyewe?" Haviji bibi. Vocha ikiingia inaingia yote nyeupe. Mpaka uende kwenye menyu ya bando useme nataka, ndo vyeupe vinageuka vyeusi. Kule kuweka vocha na kule kujiunga ni hatua mbili, na yeye miezi yote alikuwa anafanya moja akidhani kamaliza.

Tukapiga WhatsApp ya sauti tukaongea kama dakika 10. Nikatoa cheusi kimoja tu, maana sauti ya WhatsApp inakula kidogo, kama nusu megabaiti mpaka megabaiti moja kwa dakika. Nikamwambia sasa tukiwasha na sura, dakika hizohizo 10 zinaweza kuondoka na vyeusi 4 au 5, picha inayotembea ni nzito kuliko sauti mara nyingi. Na ile video ya mahubiri mtu kaituma kwenye grupu, ya dakika 2 au 3, ukiigusa tu imeshaondoka na kimoja au viwili. Akavirudisha vile vyeusi mwenyewe kwenye kopo akivihesabu kwa sauti.

Sasa ikafika ile sehemu ya usiku, na hapa ndo kesi yako ilipo. Nikaviondoa vyeusi vyote, kushoto kukabaki meza tupu. Nikamwambia bibi, bando limeisha, ila swichi ya data umeiacha wazi, na wewe umelala. Simu haijalala. Kuna grupu la familia wanatuma picha, WhatsApp inazivuta yenyewe hata hujafungua. Kuna apu zinataka kujiapdeti. Kuna barua pepe inaangalia kama kuna mpya. Zote zinakuja kushoto zinatafuta kifungo cheusi, hazikioni. Unajua zinafanya nini? Nikanyoosha mkono kulia nikazoa vyeupe kwa kiganja. Nikazoa tena. Mara ya tatu hamna.

Bibi akashika mkono wangu. "Ngoja. Mbona umechukua vingi hivyo?" Kwa sababu, nikamwambia, kununua data kwa bando ni bei ya jumla, lakini data inayochukuliwa moja kwa moja kwenye salio bila bando kawaida inahesabiwa kwa bei ya juu kuliko ile ya bando, wakati mwingine mara nyingi zaidi. Kitu kilekile ambacho kingekula vyeusi viwili kinaweza kumaliza vyeupe vyote. Akakaa kimya, alafu akasema, "Kumbe ndo huyo mwizi." Ndo huyo.

Kuwa mkweli kwake na kwenye lingine lililomuudhi zaidi hata ya hilo. Nilipomwambia bando lina muda wake, la siku, la wiki, la mwezi, na muda ukifika vyeusi vilivyobaki vinaondolewa hata kama hajavigusa, alikasirika kweli. "Vifungo vyangu nimevinunua!" Sikumtetea mtu pale, nilimwambia ndivyo walivyopanga bibi, kwa hiyo usinunue bando kubwa la siku moja wakati unaongea na sisi mara mbili kwa wiki, bora dogo lenye muda mrefu. Na mabando mengine ya siku hayafi usiku wa manane, yanahesabu saa 24 tangu ulipojiunga, ukisoma ile meseji ya kujiunga utaona limeandikwa linaisha lini saa ngapi.

Baada ya vifungo usimwachie hapo hapo, mrudishe kwenye simu yenyewe ajionee, maana meza ni meza na simu ni simu. Sisi tulifanya hivi. Nilimshika kidole tukavuta ile pazia la juu ya skrini, tukazima swichi iliyoandikwa "Mobile data" (kwenye simu ya bibi yako inaweza kuwa imeandikwa Kiswahili, au ni mishale miwili tu inayopishana juu na chini). Nikatoka nje nikampigia simu ya kawaida, ikaita, akapokea. Hapo nikamwambia kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: simu ya kawaida inayoingia, anayelipa ni aliyepiga, kwa hiyo hata usipokuwa na kifungo hata kimoja cha rangi yoyote mimi nikikupigia hivi utapokea. Nikakata nikampigia WhatsApp. Kimya. Kwangu inaandika "Calling" na haifiki kwenye "Ringing", kwake simu imetulia tu. Nikamwandikia meseji ya WhatsApp nikamwonyesha kwenye simu yangu: tiki moja. Akawasha ile swichi kwa kidole chake mwenyewe, bando likiwepo, na palepale tiki zikawa mbili na simu yake ikalia. Akaizima. Akaiwasha. Kama mara 4 hivi.

Hiyo tofauti ya WhatsApp kutaka data pande zote mbili ndo inayowachanganya wazee kuliko yote. Anakuwa na salio, wewe una data, unampigia WhatsApp hakuna kitu, unamtupia lawama mbona hupatikani, na yeye simu anayo mkononi siku nzima. Kwa hiyo ukiona tiki moja kwa bibi yako usimwache akae na wasiwasi wala wewe usikae nao, mpigie simu ya kawaida, ataipokea.

Na akikuuliza, kama bibi yangu alivyoniuliza, "Basi si ninunue nyeusi tu, nyeupe za nini?", jibu lipo na ni zito. Vyeusi haviwezi kumpigia jirani mwenye kitochi. Haviwezi kutuma meseji ya kawaida. Sehemu ambayo intaneti imekufa lakini mtandao wa kawaida bado unasomeka, vyeusi ni mapambo tu, na usiku mtu akizidiwa ndo sio saa ya kuanza kujiunga bando. Mimi na bibi tulikubaliana kuna vyeupe vichache havigeuzwi kuwa bando hata iweje, hivyo ni vya dharura. Kuna na mabando ya mchanganyiko yenye dakika, meseji na megabaiti pamoja, hayo mwambie ni vifungo vya rangi tatu, kila rangi na kazi yake, dakika zikibaki nyingi hazimsaidii WhatsApp na megabaiti zikibaki hazimsaidii kupiga kawaida.

Tukija kwenye simu yake sasa, hizi ni kazi zako wewe, usimpe yeye. Kaa nayo dakika 15. Fungua WhatsApp nenda "Settings", alafu "Storage and data", utaona sehemu ya "Media auto-download", gusa "When using mobile data" toa tiki zote. Kuanzia hapo picha za grupu zitakuja na ukungu, hazijivuti mpaka aziguse yeye, mwonyeshe zinavyofunguka ili asidhani umeharibu. Hapohapo kwenye "Storage and data" kuna "Use less data for calls", iwashe. Kisha fungua Play Store, gusa ile picha ya akaunti juu kulia, "Settings", "Network preferences", "Auto-update apps", chagua "Over Wi-Fi only", zile apdeti zisubiri siku utakayokuja na waifai yako. Mwisho chukua alama ya WhatsApp iondoe karibu na ile ya simu ya kawaida, mimi niliisukuma mpaka kona ya chini upande mwingine kabisa, na lile tatizo la kugusa moja akidhani ni nyingine likaisha siku ileile.

Kisha ingia kwenye menyu ya mtandao wake au wapigie huduma kwa wateja kwa namba ya bibi mwenyewe, uwaulize kama laini yake inaruhusu data kula salio bando likiisha. Mitandao haifanani hapa: kuna inayokata data palepale bando likiisha, kuna inayoendelea na salio bila kuuliza, na kuna inayokupa uchague. Ukiweza kuchagua, funga. Hiyo moja peke yake inaweza kumaliza kesi yako yote, bando likiisha WhatsApp itanyamaza lakini vyeupe vitabaki pale pale. Kama haifungiki basi afanye kama bibi yangu, akimaliza kuongea na sisi anazima swichi, na asubuhi akishaswali anaiwasha aone nani kaandika.

Ila usiape kwa bibi kwamba ni data mpaka umepima. Pima hivi: usiku mmoja aangalie salio kwa ile kodi ya nyota na reli (haili data wala haihitaji intaneti), wewe andika kiasi, azime data alale. Asubuhi aangalie tena kabla hajagusa kitu. Likiwa lilelile, mwizi ni data, na umeshamjua. Likiwa limepungua wakati data ilikuwa imezimwa na hakupiga, basi kuna kitu kingine na bibi ana haki ya kulalamika kwa nguvu zaidi. Mara nyingi hapo utakuta kuna huduma ya kulipia alijiunga bila kujua, meseji za kila siku za dondoo au dua au michezo, au mlio wa kumsikilizisha anayepiga, ilikuja meseji akabonyeza 1 kuiondoa kumbe ndo kukubali. Fungua meseji zake utaziona, zinatoka kwenye namba fupi, nyingi zina neno la kutuma ili kujitoa, zikigoma waambie huduma kwa wateja wazitoe zote. Na kama vocha inapungua palepale anapoiweka, haisubiri hata usiku, muulize kwa upole kama aliwahi kukopa salio, maana deni linakatwa vocha inapoingia tu. Bibi yangu aliwahi kukopa mara 2 bila kujua amekopa, alikuwa anajibu meseji iliyomuuliza anataka salio au hataki, na nani asiyetaka.

Kuhusu yale aliyomwambia mama yako, usiende kujitetea kwa mama. Nenda kwa bibi na vifungo, au mbegu, au chochote chenye rangi mbili alichonacho ndani, na huko mbali uliko unaweza kuanza hata kwa simu ya kawaida, mwambie achukue vya rangi mbili avipange mwenyewe wakati unamwelekeza. Ila ile ya kuzima na kuwasha swichi subiri uwe naye, au awepo mtoto wa jirani pembeni yake. Mimi bibi yangu alichofanya baada ya ile jioni, alichukua vikopo viwili akatia vyeupe kimoja na vyeusi kingine, akaviweka juu ya kabati, na nilipompigia wiki iliyofuata kwa WhatsApp haikuita, nikapiga kawaida, akapokea akasema, "Nyeusi zimeisha tangu jana, nyeupe ninazo. Ongea."